Sifuri ya Uongo Katika Mkoba wa Hisa

Chukua hisa tatu za kubuni: ya benki, ya kiwanda cha saruji na ya kampuni ya chai. Mwezi wa kwanza hisa ya benki ilipanda kwa asilimia 2, ya saruji ikapanda kwa 4, ya chai ikashuka kwa 2. Mwezi wa pili benki ikashuka kwa 2, saruji ikapanda kwa 2, chai ikapanda kwa 4. Mwekezaji ana shilingi 700,000 na hana tamaa ya faida kubwa. Anachotaka ni kuzigawa fedha zake ili thamani ya mkoba wake itikisike kidogo kadiri inavyowezekana.

Akiipa kompyuta takwimu hizi, itamjibu bila kusita: weka 500,000 kwenye benki, weka 300,000 kwenye chai, na kwenye saruji azima hisa za 100,000 uziuze. Huko kuuza hisa za kuazima kuna maana kwamba saruji ikipanda unapata hasara, ikishuka unapata faida. Sasa fuata hesabu. Mwezi wa kwanza benki inampa 10,000, saruji inamnyang'anya 4,000, chai inamnyang'anya 6,000. Jumla ni sifuri. Mwezi wa pili benki inamtia hasara ya 10,000, saruji inamtia hasara ya 2,000, chai inamletea 12,000. Jumla ni sifuri tena. Mkoba haukutikisika hata kwa senti moja.

Hakuna mtu mwenye uzoefu wa soko atakayeamini kwamba hisa tatu zinaweza kuchanganywa hadi hatari yote ikatoweka. Na kweli haijatoweka. Tuna hisa tatu na miezi miwili tu. Kila mwezi ni sharti moja ambalo mgao unatakiwa kulitimiza: faida na hasara zifutane. Ukiwa na masharti mawili na vitu vitatu vya kupanga, mgao wa kuyatimiza haukosekani. Ungeupata hata kama bei hizo zingetokana na kurusha dadu. Sifuri ile haisemi lolote kuhusu benki, saruji wala chai. Imezaliwa na uchache wa miezi.

Tatizo hili halikomei kwenye mifano midogo. Tangu Harry Markowitz alipochapisha makala yake ya mwaka 1952 kuhusu kuchagua mkoba wa uwekezaji, kazi ambayo baadaye ilimpa Tuzo ya Nobeli ya Uchumi ya 1990, hesabu ya kugawa fedha imeegemea kitu kimoja: jedwali linaloonyesha jinsi kila hisa inavyotikisika yenyewe na jinsi inavyotikisika pamoja na kila nyingine. Wanahisabati huliita matriki ya kovariansi. Hapa nitaliita jedwali tu, na tunaweza kulijenga kwa mkono.

Kwenye ulalo, kutoka kona ya juu kushoto hadi ya chini kulia, tunaandika mtawanyiko wa kila hisa: badiliko la kila mwezi linazidishwa kwa lenyewe, kisha tunatafuta wastani. Benki ilikuwa na 2 na hasi 2, kwa hiyo wastani wa 4 na 4 ni 4. Kwenye nafasi nyingine tunazidisha mabadiliko ya hisa mbili za mwezi mmoja, kisha tunatafuta wastani. Kwa benki na chai tunapata hasi 4 mwezi wa kwanza na hasi 8 mwezi wa pili, wastani wake hasi 6: hisa hizi mbili hupishana njia. Ili hesabu iwe nyepesi nimechukulia kwamba wastani wa kweli wa mabadiliko ni sifuri. Kwa kawaida wastani huo hukadiriwa kutoka kwenye takwimu zilezile na kuondolewa kwanza, jambo linalopunguza kipimo kimoja zaidi.

```
          benki   saruji   chai
benki       4        2      -6
saruji      2       10       0
chai       -6        0      10
```

Hilo ndilo jedwali la sampuli. Kwa hisa tatu lina namba sita tofauti, kwa sababu nusu ya juu na nusu ya chini zinafanana. Kwa hisa 500, idadi ambayo ni ya kawaida kabisa kwa mfuko wa uwekezaji wa Marekani, namba za kukadiria hufika 125,250. Ukikusanya takwimu za kila mwezi kwa miaka mitano unapata miezi 60, yaani vipimo 30,000 kwa hisa zote. Kila kipimo kingelazimika kubeba zaidi ya makadirio manne.

Mtu atauliza kwa nini tusirudi nyuma miaka mingi zaidi. Miaka kumi ni miezi 120, bado ni michache mbele ya hisa 500. Miaka 42 ingetosha kuvuka idadi hiyo kwa kidogo, lakini nyingi ya kampuni hizo hazikuwepo miaka 42 iliyopita, na zilizokuwepo zilikuwa zikifanya biashara nyingine. Soko la hisa la Nairobi lina kampuni zaidi ya 60 zilizoorodheshwa. Kwa hiyo hata huku kwetu, meneja wa mfuko wa pensheni anayetumia miezi 60 ya mwisho na kuzitazama kampuni zote yuko palepale: vipimo havizidi idadi ya hisa.

Ili kuona ugonjwa wa jedwali hili ulipo, acha kutazama hisa mojamoja, tazama mielekeo. Mwelekeo ni mchanganyiko fulani wa hisa unaobebwa kama kitu kimoja, kama ule wa benki 5, saruji hasi 1 na chai 3. Kila jedwali la aina hii lina mielekeo ya msingi isiyoingiliana, na kila mmoja una mtawanyiko wake. Kwa jedwali letu mitawanyiko hiyo ni 14, 10 na 0. Jumla yake ni 24, sawasawa na jumla ya ulalo, 4 na 10 na 10. Maana yake hatari nzima ya soko hili dogo imegawanywa kwa mielekeo mitatu, na mmoja umeambiwa kwamba hauna hatari yoyote. Kompyuta inayotafuta hatari ndogo kabisa huenda moja kwa moja kwenye mwelekeo huo.

Upotofu huu una kanuni yake, na kanuni hiyo inajulikana tangu mwaka 1967, Vladimir Marchenko na Leonid Pastur wa Kharkiv, Ukraine, walipoionyesha kwa majedwali makubwa. Tuseme kuna hisa 400 ambazo kwa kweli hazina uhusiano wowote, na kila moja ina mtawanyiko wa 1. Jedwali la kweli lingekuwa na mielekeo 400, yote yenye 1. Sasa chukua vipimo 100 tu. Jedwali la sampuli litatoa mielekeo 300 yenye sifuri kamili, na ile 100 iliyobaki itasambaa kuanzia karibu 1 hadi karibu 9. Kwa hisa zinazofanana kabisa, jedwali litaapa kwamba kuna michanganyiko yenye hatari mara tisa na mingine mamia isiyo na hatari. Vipimo vikiongezeka hadi 40,000, bado mitawanyiko itasambaa kati ya takribani 0.8 na 1.2. Mikubwa hukuzwa, midogo hupunguzwa, na kosa daima huelekea upande huohuo.

Hapo ndipo hesabu ya Markowitz inapogeuka mtego. Hutafuta kilicho kidogo kabisa, na kilicho kidogo kabisa kwenye jedwali ndicho kilichopunguzwa zaidi na makosa. Richard Michaud aliandika mwaka 1989 kwamba mashine hizi za kutafuta mgao bora, kwa vitendo, hukuza makosa hadi kiwango cha juu kabisa. Ninakubaliana naye. Kosa la bahati nasibu katika namba moja lingeweza kusameheka, lakini hapa kuna mtafutaji mwenye bidii anayepitia maelfu ya makosa na kuchagua yale yanayompendeza.

Dawa yenyewe ni rahisi kuielezea. Usilitumie jedwali la sampuli peke yake. Lichanganye na jedwali lingine, rahisi sana, ambalo halihitaji takwimu nyingi. Kwa Kiswahili tunaweza kusema tunalisinyaza jedwali la sampuli kuelekea jedwali hilo rahisi. Lile rahisi kuliko yote husema hivi: hisa zote zina mtawanyiko mmoja, na hakuna zinazotikisika pamoja. Kwa mfano wetu wastani wa 4, 10 na 10 ni 8, kwa hiyo jedwali rahisi lina 8 kwenye ulalo na sifuri kwingine kote.

Tuchukue nusu kwa nusu. Benki inakuwa na 6, katikati ya 4 na 8. Saruji na chai zinakuwa na 9. Uhusiano wa benki na chai unapungua kutoka hasi 6 hadi hasi 3, na ule wa benki na saruji kutoka 2 hadi 1.

```
          benki   saruji   chai
benki       6        1      -3
saruji      1        9       0
chai       -3        0       9
```

Mitawanyiko ya mielekeo sasa ni 11, 9 na 4. Linganisha na ile ya awali, 14, 10 na 0. Jumla bado ni 24 na wastani bado ni 8, ila kila namba imesogea nusu ya njia kuelekea 8. Kilichokuwa kimekuzwa kimepunguzwa, na sifuri ya uongo imepewa 4. Huo ndio moyo wa njia hii: inarekebisha kosa lilelile ambalo Marchenko na Pastur walilionyesha, kwa kwenda upande wa pili.

Ukilitumia jedwali hili jipya kutafuta mgao wenye hatari ndogo kabisa, unapata sehemu 9 kwa benki, 3 kwa saruji na 7 kwa chai, kati ya sehemu 19. Kwa shilingi 700,000 ni takribani 332,000 kwa benki, 110,000 kwa saruji na 258,000 kwa chai. Hakuna tena kuuza hisa za kuazima. Benki bado inaongoza kwa sababu ilitulia kuliko wenzake, na chai bado inazidi saruji kwa sababu ilipishana na benki. Habari iliyokuwemo kwenye miezi ile miwili haikutupwa, imepunguzwa sauti tu. Na jedwali sasa linakiri kwamba mkoba huu utatikisika kwa kawaida kama asilimia 1.4 kwa mwezi.

Tuseme mwezi wa tatu benki inashuka kwa asilimia 3, saruji inapanda kwa 3 na chai inashuka kwa 1. Mgao wa kwanza unapoteza 15,000 kwenye benki, 3,000 kwenye saruji na 3,000 kwenye chai, jumla 21,000, yaani asilimia 3 ya fedha zote. Mgao wa pili unapoteza kama 9,200, asilimia 1.3. Mwezi huo nimeutunga mimi, na ungeweza kutungwa mwingine ambao mgao wa kwanza ungeibuka mshindi. Cha kutazama ni ahadi na matokeo. Mgao wa kwanza uliahidi kutotikisika kabisa, ukatikisika kwa asilimia 3. Wa pili uliahidi 1.4 ukatikisika kwa 1.3.

Kwa nini kuchanganya jedwali lenye makosa na jedwali ambalo tunajua si la kweli kulete kitu bora kuliko yote mawili? Fikiria muuza nyama mwenye mizani mbili. Ya kwanza sindano yake inachezacheza sana, lakini ukipima mara elfu, wastani wake ni sahihi. Ya pili sindano yake imetulia, ila daima inakosea kwa robo kilo. Akiruhusiwa kupima mara moja tu, busara ni kusoma zote mbili na kuchukua namba iliyo katikati, akiegemea zaidi ile ambayo kosa lake ni dogo. Jedwali la sampuli ndiyo mizani inayochezacheza. Jedwali rahisi ndiyo iliyotulia na kukosea.

Wazo hili lina asili yake kwa Charles Stein, mtakwimu wa Chuo Kikuu cha Stanford. Mwaka 1956 alithibitisha jambo lililowashangaza wenzake: ukikadiria wastani wa vitu vitatu au zaidi kwa pamoja, kuna njia ya kukadiria inayoshinda wastani wa kawaida wa sampuli, haidhuru ukweli ukoje, mradi upime kosa la jumla. Mwaka 1961 yeye na Willard James walitoa fomula yenyewe, inayoyavuta makadirio yote kuelekea mahali pamoja. Kwa jedwali zima la hisa, hatua ambayo wawekezaji wengi huitumia leo ilikuja na Olivier Ledoit na Michael Wolf, katika makala zao za 2003 na 2004.

Walichokifanya wawili hao ni kujibu swali nililolikwepa nilipochukua nusu kwa nusu. Kwa nini nusu? Kwa nini isiwe theluthi, au sehemu tisa za kumi? Jibu lao ni kwamba takwimu zenyewe zinaweza kusema, na hazihitaji kujua jedwali la kweli. Unapima vitu viwili. Kwanza, jedwali la sampuli liko mbali kiasi gani na jedwali rahisi. Pili, jedwali la sampuli linachezacheza kiasi gani kutoka kipimo hadi kipimo. Gawanya cha pili kwa cha kwanza, na jibu ndilo kiwango cha kusinyaza. Likizidi 1, unaishia kwenye 1.

Kwa mfano wetu, umbali unapatikana kwa kutoa jedwali rahisi kutoka la sampuli, kuzidisha kila tofauti kwa yenyewe na kujumlisha zote tisa. Ulalo unatoa 16, 4 na 4. Nje ya ulalo kuna 4 mara mbili na 36 mara mbili. Jumla ni 104. Kuchezacheza kunapimwa hivi: kila mwezi peke yake una jedwali lake dogo, nasi tunapima jinsi lilivyo mbali na jedwali la wastani. Miezi yetu yote miwili inatoa 280. Tunajumlisha, 560, kisha tunagawanya kwa idadi ya miezi ikizidishwa kwa yenyewe, yaani 4. Tunapata 140.

Kuchezacheza, 140, kumezidi umbali wote, 104. Fomula inatoa kiwango cha 1: liache kabisa jedwali la sampuli, tumia jedwali rahisi peke yake. Hapo hisa zote zinafanana, na mgao ni theluthi kwa theluthi. Nusu yangu ilikuwa ya kuonyeshea hesabu tu. Ledoit na Wolf wangeniambia kwamba miezi miwili haistahili kuaminiwa hata kidogo, nami nasema hilo ndilo jibu sahihi. Kama tungekuwa na miezi minane yenye sura hiyohiyo, umbali ungebaki 104 lakini kuchezacheza kungeshuka hadi 35, na kiwango kingekuwa kama 0.34. Nusu ingestahili baada ya miezi mitano au sita. Kadiri vipimo vinavyoongezeka ndivyo jedwali la sampuli linavyopewa sauti, na hakuna mtu anayelazimika kukisia.

Fomula yao ina uthibitisho wake kwa majedwali makubwa, hata pale hisa zinapozidi vipimo mara kadhaa, kwa hiyo mfano wa hisa tatu ni wa kujifunzia tu. Na mtumiaji halazimiki kuandika hesabu upya: kwa wanaotumia lugha ya kompyuta ya Python, maktaba ya `scikit-learn` ina kifaa kiitwacho `LedoitWolf`, na kiwango kilichochaguliwa husomwa kwenye `shrinkage_`. Namba hiyo isomwe kila mara. Ikiwa karibu na 1, takwimu zako hazina mengi ya kukuambia kupita jedwali rahisi ulilolichagua mwenyewe.

Na uchaguzi huo wa jedwali rahisi una uzito. Kusema kwamba hakuna hisa zinazotikisika pamoja si kweli hata kidogo: soko likiporomoka, nyingi huporomoka kwa pamoja. Kwa sababu hiyo, katika makala yao ya 2003 Ledoit na Wolf walitumia jedwali linalodhani kwamba hisa hufungamana kupitia mwendo wa soko zima, na katika makala moja ya 2004 wakatumia linalodhani kwamba kila jozi ya hisa ina kiwango kimoja cha uhusiano, sawa na wastani wa jozi zote. Kwa hisa za Marekani za kati ya miaka ya 1970 na 1990, huku hisa zikikaribia au kuzidi elfu moja dhidi ya miezi 120, kiwango cha kusinyaza kuelekea jedwali la soko kilikuwa karibu asilimia 80. Kwa maneno mengine, jedwali la sampuli lilistahili sehemu moja tu kati ya tano.

Kuna wawekezaji wanaosinyaza bila kujua. Katika masoko mengi ya Afrika Mashariki mtu wa kawaida hana njia ya kuuza hisa za kuazima, na mifuko mingi hukatazwa na kanuni zake. Ravi Jagannathan na Tongshu Ma walionyesha mwaka 2003 kwamba katazo hilo, ndani ya hesabu, hufanya kazi sawa na kulirekebisha jedwali: hisa ambayo ingeuzwa kwa kuazima hupunguziwa uhusiano wake na wenzake. Rudi kwenye mfano wetu ukakataze kuuza kwa kuazima. Saruji inapata sifuri, benki inapata karibu 431,000 na chai 269,000. Ni mgao wa akili zaidi kuliko ule wa kwanza. Hata hivyo jedwali bado linaahidi kutikisika kwa asilimia 0.4 tu, kiasi kisichoaminika kwa miezi miwili, na bado limeifukuza saruji kabisa kwa ushahidi mdogo. Katazo linasaidia, halitoshi.

Kusinyaza kwa kiwango kimoja kuna upungufu wake pia. Mielekeo yote huvutwa kwa sehemu ileile, ingawa mwelekeo wa soko zima, wenye mtawanyiko mkubwa kupita yote, mara nyingi ni wa kweli na hauhitaji kuvutwa kama ile midogo. Ledoit na Wolf waliendelea hadi kwenye njia inayoupa kila mwelekeo kiwango chake, katika makala za 2012, 2017 na 2020. Inahitaji hisa nyingi ndipo ifanye kazi vizuri. Kwa soko la kampuni 60 ningeanza na ile ya zamani.

Hatari nyingine iko kwenye kompyuta. Jedwali lenye sifuri kamili halina kinyume, na programu ingepaswa kugoma. Lakini kwa sababu ya kukadiria desimali, mashine mara nyingi haioni sifuri, inaona namba ndogo mno, kisha inagawanya kwa namba hiyo na kutoa mgao wenye mabilioni kwenye hisa moja na mabilioni hasi kwenye nyingine. Huyo mtu humwona na kumkamata. Anayeponyoka ni yule anayetumia `pinv`, kinyume cha bandia, ambacho huipuuza mielekeo yenye sifuri na kurudisha majibu yenye sura ya heshima. Ugonjwa hauonekani, ila upo. Namna ya kuugundua ni kuondoa mwezi mmoja wa zamani na kupiga hesabu upya. Hisa zikibadilika kutoka kununuliwa hadi kuuzwa kwa sababu ya mwezi mmoja, mgao ule haukuwa na msingi. Na jaribio la kweli ni lile tulilolifanya na mwezi wa tatu: andika hatari iliyoahidiwa, subiri vipimo ambavyo hesabu haikuviona, kisha linganisha.

Kuna kitu ambacho kusinyaza hakitibu hata kidogo, nacho kinawahusu hasa wenye masoko kama ya Nairobi na Dar es Salaam. Hisa nyingi huko hazinunuliwi kila siku. Hisa isipouzwa kwa wiki nzima, bei yake kwenye orodha inabaki ileile, na jedwali linaisoma kama hisa tulivu isiyo na uhusiano na yeyote. Ndiyo hisa ambayo hesabu itaipenda kuliko zote, ingawa utulivu wake ni wa kukosa mnunuzi. Kuivuta kuelekea wastani hupunguza kidogo upendeleo huo, lakini fomula haijui tofauti kati ya bei iliyotulia na bei iliyolala. Njia inayosaidia ni kuacha mabadiliko ya kila siku na kutumia ya kila wiki au kila mwezi, ili bei iliyolala ipate muda wa kuamka. Kwa miaka mitano, siku za biashara kama 1,250 zinakuwa wiki 260, na wiki hizo zinakuwa miezi 60. Kwa kampuni 60 na zaidi, meneja aliyekimbia bei zilizolala anajikuta amerudi kwenye vipimo vichache kuliko hisa, na kiwango cha kusinyaza anachokisoma kwenye mashine yake kinapanda ipasavyo.